Kazi Ikichelewa, Barua Isichelewe

Mtu akisafiri kutoka Dar es Salaam hadi Lubumbashi huvuka Zambia nzima njiani, lakini akifika mwisho wa safari hukuta watu wanazungumza Kiswahili. Sokoni ni Kiswahili, kwenye gereji ni Kiswahili, na hata simu ya mteja wako itaanza na salamu unazozijua. Basi mfanyabiashara wetu hujiona yuko nyumbani, na anapopata zabuni kule hudhani lugha haitamsumbua.

Lugha humsumbua siku kazi inapochelewa. Mambo yakiwa mazuri watu huelewana kwa simu. Yakiharibika kila mmoja hufungua faili, na faili za Lubumbashi, sawa na za Bujumbura, zimeandikwa kwa Kifaransa. Mkataba ni wa Kifaransa, na barua ya kueleza kuchelewa ni lazima iwe ya Kifaransa. Hata kama mlielewana vizuri kiasi gani kwa Kiswahili kwenye simu, siku ya kuhesabiana hilo halitakuwamo ndani ya faili.

Wiki hii nataka tuitazame barua hiyo: huandikwa lini, huandikwa vipi, na ni maneno gani ya Kifaransa yanayoweza kumponza mwandishi ambaye shule yake ilikuwa ya Kiingereza, kama wengi wetu. Nitatumia mfano wa kubuni, lakini mambo yaliyomo hutokea.

Tuseme mkandarasi wa Dar es Salaam amepewa kazi ya kujenga vyumba vitatu vya baridi katika hospitali moja ya Lubumbashi. Kimoja ni cha chanjo na dawa, na viwili ni vya chakula. Thamani ya mkataba ni dola laki mbili. Kazi ikabidhiwe tarehe 28 Juni. Mkataba unasema kwamba kila siku ya kuchelewa itakatwa sehemu moja ya elfu ya thamani yote, yaani dola 200 kwa siku. Makato hayo Wafaransa huyaita "pénalités de retard".

Tarehe 28 Aprili wakala wa meli anamwarifu mkandarasi kwamba kompresa, ambazo ndizo roho ya chumba cha baridi, hazikupakiwa melini. Kiwanda kilizichelewesha. Badala ya kufika bandari ya Dar es Salaam tarehe 3 Mei, zitafika tarehe 9 Juni.

Hapa ndipo penye jaribu la kwanza. Mkandarasi huwaza, "Acha ninyamaze kwanza, huenda nikaufidia muda huo njiani." Njia yenyewe ni ya kilomita karibu elfu mbili, kupitia Morogoro, Iringa, Mbeya na Tunduma, kisha Zambia yote hadi mpaka wa Kasumbalesa. Aliyewahi kuona foleni ya malori pale Tunduma au Kasumbalesa anajua kwamba njia hiyo haifidii siku za mtu, bali huziongeza. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Barua ikiandikwa tarehe 30 Aprili, hospitali ina karibu miezi miwili ya kujipanga. Ikiandikwa tarehe 27 Juni, haina hata siku moja, na chanjo zilizokwisha kuagizwa hazina pa kuwekwa.

Sasa barua inaandikwa. Je, iende kwa nani? Katika mikataba ya ujenzi ya Kifaransa wamo watu wawili ambao majina yao yamekaribiana mno. Yupo "maître d'ouvrage", naye ndiye mwenye kazi, anayelipa. Hapa ni hospitali. Yupo tena "maître d'œuvre", naye ni msanifu au mhandisi anayesimamia kazi kwa niaba ya mwenye mali. Barua rasmi humwendea yule aliyetajwa na mkataba kuwa mpokeaji wa taarifa, na mara nyingi ni mwenye kazi, nakala ikienda kwa msimamizi na kwa mfadhili kama yupo. Ukimwandikia msimamizi peke yake kwa sababu majina yamekuchanganya, mwenye kazi anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba yeye hakuarifiwa.

Juu ya barua huandikwa neno "Objet", na mbele yake habari yenyewe kwa mstari mmoja. Katika mfano wetu: "Objet : report de la réception provisoire". Tusimame hapo kidogo. "Réception" katika ujenzi haina uhusiano na meza ya mapokezi ya hoteli wala karamu ya harusi. Ni makabidhiano, yaani mwenye kazi anaikagua kazi na kuikubali. Nayo ni ya mara mbili. Ya kwanza ni "provisoire", ya muda, na kwa kawaida muda wa dhamana huanzia hapo. Ya pili ni "définitive", ya mwisho, baada ya dhamana kwisha. Barua isiyosema ni ipi inayoahirishwa huacha mlango wazi wa ugomvi. Na neno "report" lenyewe ni kuahirisha. Msomi wa Kiingereza akiliona hudhani ni ripoti. Akiandika kwamba "nous reportons" maendeleo ya kazi, akikusudia kutoa taarifa, Mfaransa atasoma kwamba maendeleo yameahirishwa.

Lakini neno linaloponza watu kuliko yote katika barua hii ni "délai". Kiingereza kina neno linalofanana nalo kwa sura na sauti, lenye maana ya kuchelewa. Kwa Kifaransa "délai" ni muda uliowekwa wa kufanya jambo. Kuchelewa huitwa "retard". Basi mkandarasi wetu akiandika "un délai de 46 jours", akitaka kusema kazi itachelewa kwa siku 46, msomaji wa Lubumbashi ataelewa kwamba kazi imepewa muda wa siku 46. Kuanzia lini? Atahesabu kuanzia tarehe ya barua, na siku 46 kutoka tarehe 30 Aprili zinaishia tarehe 15 Juni. Yaani badala ya kusoma habari ya kuchelewa, amesoma ahadi ya kumaliza kabla ya wakati! Sentensi iliyo sahihi ni fupi: "La réception provisoire aura un retard de 46 jours."

Baada ya habari huja sababu. Hapa watu hupenda kujificha nyuma ya maneno mawili makubwa, "force majeure". Ni maneno ya sheria, na hayana maana ya shida yoyote iliyompata mtu. Kwa kawaida sheria za asili ya Kifaransa hutaka tukio liwe nje ya uwezo wa mhusika, liwe halikuweza kutazamiwa wakati wa kutia saini, na liwe halikuweza kuepukwa hata kwa juhudi ya kutosha. Mafuriko yaliyobomoa daraja yanaweza kuingia humo. Kiwanda ulichokichagua mwenyewe kikichelewa kupakia mzigo, ni vigumu sana kuingia, maana ucheleweshaji wa mwuzaji ni jambo la kila siku katika biashara. Mwenye kazi akiona maneno hayo mahali pasipostahili, atampelekea mwanasheria wake, na kuanzia hapo barua zako zote zitasomwa kwa jicho la mashaka.

Upande wa pili wapo wanaoungama kupita kiasi, wakaandika "par notre faute", kwa kosa letu, kabla hata hawajaulizwa. Sentensi hiyo itarudishwa mbele yao siku ya makato. Njia ya katikati ni kusema kilichotokea, bila kupamba na bila kujihukumu: "Ce retard est dû à l'embarquement tardif des compresseurs." Kuchelewa huku kumetokana na kompresa kupakiwa melini zikiwa zimechelewa. Basi. Ambatisha na barua ya wakala wa meli iwe ushahidi.

Sasa tufike kwenye moyo wa barua, yaani ratiba mpya. Wengi huandika tarehe moja tu ya mwisho na kumwacha msomaji aiamini au asiiamini. Ratiba nzuri huonyesha kila hatua, tarehe ya zamani mbele ya tarehe mpya, ili msomaji aone kuchelewa kumeingilia wapi.

Kwa mkandarasi wetu hesabu ni hii. Kuta na sakafu za vyumba zilikuwa zimalizike tarehe 24 Mei, na zitamalizika tarehe hiyo hiyo, maana hazingoji kompresa. Kompresa zilikuwa zifike Dar es Salaam tarehe 3 Mei. Sasa ni tarehe 9 Juni. Kuzitoa bandarini na kuzisafirisha kumehesabiwa siku 21. Awali zilikuwa zifike Lubumbashi tarehe 24 Mei. Kwa hesabu mpya zingefika tarehe 30 Juni.

Lakini mwenye kuipanga ratiba akitazama kalenda ya wenyeji, si ya kwake, ataona kwamba tarehe 30 Juni ni sikukuu ya uhuru wa Kongo, uliopatikana mwaka 1960. Siku hiyo si ya kutegemea karani wa forodha wala mtu wa kupokea mzigo. Basi anaandika tarehe 2 Julai. Hilo ni jambo dogo, lakini msimamizi wa kule akiona umemwandikia lori kufika siku ya uhuru wa nchi yake, atajua kwamba ratiba hiyo ilipangwa na mtu asiyejali.

Tuendelee. Kufunga kompresa na kuunganisha umeme ni majuma matatu: tangu tarehe 3 hadi 23 Julai. Kuvijaribu vyumba, viwashwe na kupimwa joto lake mchana na usiku, ni majuma mawili: tangu tarehe 24 Julai hadi 6 Agosti. Kisha mkandarasi anaongeza siku saba za akiba, na anazitaja waziwazi katika barua kwamba ni akiba, kwa neno "marge". Makabidhiano yanakuwa tarehe 13 Agosti. Toka 28 Juni hadi hapo ni siku 46. Akiba hiyo si woga. Barua ya kwanza ya kuchelewa mwenye kazi huweza kuivumilia. Barua ya pili ndiyo inayovunja imani. Heri useme siku 46 na umalize kwa 40 kuliko useme 39 kisha uombe tena.

Katika kuziandika tarehe hizo Kifaransa kina mitego yake. Ukiandika "le 13 août" umesema siku hiyo hasa. Ukiandika "au plus tard le 13 août" umesema isizidi siku hiyo. Vitenzi navyo ni vya kuchunga. "Les chambres seront prêtes" ni ahadi: vyumba vitakuwa tayari. Ukibadilisha herufi chache tu ikawa "seraient prêtes", umesema inasemekana vitakuwa tayari, wala wewe mwenyewe hujui. Na lipo neno "éventuellement", ambalo msomi wa Kiingereza hulitumia akidhani linasema hatimaye. Maana yake ni huenda. Mkandarasi aliyeandika kwamba atakabidhi kazi "éventuellement" mwezi Agosti, amemwambia mwenye kazi kwamba huenda akakabidhi, na huenda asikabidhi.

Hesabu za siku pia zitazamwe. "Jours ouvrables" kwa desturi ya Kifaransa ni siku za kazi kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, wakati "jours ouvrés" ni siku ambazo ofisi hufanya kazi kweli, aghalabu tano kwa juma. "Jours calendaires" ni siku zote, pamoja na Jumapili na sikukuu. Zile 46 ni za aina ya tatu, na barua iseme hivyo.

Tena iko alama ndogo ya mkato, ambayo inaweza kuhamisha fedha. Sisi tuliosoma kwa Kiingereza huandika elfu tisa na mia mbili kwa kuweka mkato baada ya tisa. Kwa Kifaransa mkato ndio unaotenga desimali, na maelfu hutengwa kwa nafasi tupu. Kwa hiyo "9,200" kwa msomaji wa Kifaransa ni tisa na sehemu mbili za kumi. Andika "9 200". Na kiasi hicho sikukitaja ovyo. Dola 200 kwa siku, kwa siku 46, ni dola 9 200. Hizo ndizo fedha zinazoning'inia juu ya barua yetu.

Baada ya ratiba huja jambo ambalo mwenye kazi analisubiri kuliko yote: utafanya nini ili asiumie? Hapa maneno ya jumla kama "tutafanya kila linalowezekana" hayamsaidii daktari mwenye chanjo mkononi. Kila hatua itajwe pamoja na tarehe, gharama, na mpaka wake.

Mkandarasi wetu anaahidi mambo matatu. La kwanza, kontena la baridi lenye jenereta yake litawekwa uwanjani mwa hospitali tangu tarehe 28 Juni hadi siku ya makabidhiano, kwa ajili ya chanjo na dawa tu, likiwa na kipimo kinachoandika joto saa zote, kwa sababu chanjo nyingi hutaka nyuzi kati ya 2 na 8 za Selsiasi. Anaongeza "à nos frais", kwa gharama yetu. Maneno hayo matatu yasipokuwapo, mhasibu wa hospitali ataiona hatua hiyo kama ankara inayokuja. Na anasema wazi kwamba kontena halitatosha kwa chakula, ili jiko la hospitali liendelee na mpango wake wa zamani kwa siku hizo. Kutaja mpaka wa msaada wako ni sehemu ya msaada wenyewe.

La pili, nyaya zote za umeme zitatandazwa mwezi Juni, kabla kompresa hazijafika, na hati za forodha zitapelekwa kwa wakala wa Kasumbalesa mapema, lori likiwa bado Dar es Salaam. La tatu, kila Ijumaa itatumwa taarifa ya ukurasa mmoja, "point hebdomadaire", ikisema mzigo uko wapi na kama tarehe 13 Agosti bado imesimama. Faida ya taarifa hiyo ni kwamba mwenye kazi hahitaji kupiga simu kuuliza, na ukweli ukibadilika ataujua ndani ya juma moja.

Wengi huishia hapo, wakatia saini, wakalala usingizi. Kumbe bado jambo moja, nalo ndilo linaloamua habari ya zile dola 9 200. Barua ya kuarifu haibadilishi mkataba. Tarehe 28 Juni inabaki kuwa tarehe ya kisheria, na makato yanaanza kuhesabiwa kesho yake, hata kama mwenye kazi alisoma barua akatikisa kichwa kwa upole. Ukimya wake usiuhesabu kuwa ni kukubali. Kinachobadilisha mkataba ni hati ya nyongeza inayotiwa saini na pande zote mbili, nayo huitwa "avenant". Kwa hiyo aya ya mwisho ya barua iombe wazi, na iweke siku ya jibu: "Nous vous saurions gré de nous faire part de votre accord avant le 15 mai." Tutashukuru mkitujulisha makubaliano yenu kabla ya tarehe 15 Mei. Rasimu ya "avenant" iambatishwe, ili mwenye kazi asipate kazi ya kuiandika.

Je, atakubali? Si lazima. Anaweza kukubali tarehe mpya na bado akadai makato, au akasamehe sehemu kwa sababu ya lile kontena. Anaweza pia kukataa na kujibu kwa barua yenye kichwa "mise en demeure". Ukiipata hiyo, jua si barua ya kawaida. Ni onyo la kisheria la kukutaka utimize wajibu wako, na ni la kupelekwa kwa mwanasheria siku ileile. Dalili kwamba mambo yanaelekea huko huonekana mapema: majibu yanaanza kuja kwa barua ya rejesta badala ya simu, na nakala zinaanza kwenda kwa watu usiowafahamu.

Mwisho ni adabu ya kufungia. Sisi hutosheka na "wako mtiifu". Kifaransa cha ofisini hutaka sentensi nzima, na cheo kilichotumika mwanzoni mwa barua kirudiwe vilevile mwishoni: "Veuillez agréer, Monsieur le Directeur, nos salutations distinguées." Radhi pia huombwa kwa njia hiyo ya heshima. "Désolé" ni neno la kumwambia mtu uliyemkanyaga mguu ndani ya basi. Mkurugenzi aliyecheleweshewa kazi kwa siku 46 huandikiwa "Nous vous prions de bien vouloir nous excuser", mara moja tu katika barua nzima. Zile siku 46 atakazobaki nazo zitafidiwa na kontena lililofika tarehe 28 Juni, kama ilivyoandikwa.